Anakatika mita 200 za mwisho: kutafuta shida ya mkimbiaji wa 800 na 1500 shuleni

Kabla hujagusa programu ya mtoto pima uwanja kwanza. Najua inaonekana ni kitu kidogo lakini mimi kimenila mwaka mzima. Nilikuwa na kijana wa kidato cha tatu, shuleni anapiga 800 kwa 2:02 kila nikimpima, nikawa natembea kifua mbele, tukaenda wilayani kwenye UMISSETA akatoka 2:06 na mita 200 za mwisho alikuwa kama anatembea kwenye tope. Nikamlaumu yeye, nikalaumu ugali wa asubuhi, nikalaumu joto. Tuliporudi nikaazima tepu ya mita 50 kwa fundi ujenzi, tukazunguka na wanafunzi wawili tunaweka vijiti, raundi yetu ikatoka mita 388. Kwa hiyo 800 yake ilikuwa 776, na ukipiga hesabu mtu anayekimbia mita 776 kwa 2:02 akiendelea na mwendo uleule anafika 800 kwa 2:06 kasoro kidogo. Hakushuka hata sekunde moja, alikuwa 2:06 siku zote, mimi ndo nilikuwa sijui.

Ukipima usipitishe tepu juu ya chokaa yenyewe, pitisha kama sentimita 20 nje ya mstari wa ndani maana ndipo mguu unapita. Na kama mnachora upya, sehemu zilizonyooka ziwe mita 84.39 kila moja, kona chukua kamba ya mita 36.60, kijiti katikati, zungusha nusu duara. Inatoka 400 safi. Mwanzo wa 1500 uweke mita 300 kabla ya mstari wa kumalizia ukifuata uelekeo wa mbio, maana ni raundi tatu na robo tatu, nimeshaona watoto wanakimbizwa raundi nne kamili halafu mwalimu anashangaa muda mbaya.

Haya, uwanja uko sawa, sasa twende kwenye mtoto.

Namba tatu za kuanzia

Mpime 400, 800 na 1500, siku tofauti, na katikati aachiwe angalau siku mbili za kupumzika au kukimbia taratibu tu. Usimpime zote jioni moja, hiyo ya tatu itakuwa uongo mtupu. Halafu fanya hesabu mbili za haraka.

Ya kwanza, chukua muda wake wa 400 zidisha mara mbili, toa kwenye muda wa 800. Kwa mtoto wa shule ambaye pumzi na spidi zimelingana ile tofauti huwa inaangukia kwenye sekunde 12 hivi, ikipungua kidogo au kuzidi kidogo usihangaike. Ikifika 16, 17, 18, huyo ana miguu ila hana pumzi. Ikiwa 9 au 10, huyo ana pumzi ila miguu haina moto. Ya pili, gawanya muda wa 1500 kwa muda wa 800 (vyote weka kwenye sekunde). Ikija 2.05 mpaka 2.1 yuko katikati, ikizidi 2.15 ni wa spidi, ikikaa kwenye 2.0 ni wa pumzi.

Sio sheria ya Mungu hii, ni kipimo cha kukuonyesha uanzie wapi. Lakini mara nyingi hizo hesabu mbili zinasema kitu kimoja, na zikisema vitu tofauti rudia kupima kwanza kabla hujatunga nadharia.

Yule kijana wangu, baada ya uwanja kunyooshwa: 400 alikuwa 54, 800 akiwa 2:06, 1500 akiwa 4:32. Mara mbili ya 54 ni 1:48, tofauti sekunde 18. Sekunde 272 kugawanya kwa 126 ni 2.16. Pumzi hamna.

Dalili ya kwanza: raundi ya kwanza simba, ya pili anakatika

Hii ndo inayonijia kila siku. Mtoto anaongoza mpaka mita 550, halafu mabega yanapanda hadi masikioni, kichwa kinaenda nyuma, hatua zinafupika, miguu inajaa kama ina maji, wanampita watatu wanne. Mwalimu anasema "hana stamina, ongeza 400 za mbio kali". Hapo ndo tunapoua watoto.

Kuna sababu mbili tofauti zinazoleta sura hiyohiyo na lazima uzitenganishe. Moja ni kugawa mwendo vibaya, nyingine ni pumzi yenyewe kuwa ndogo. Njia ya kuzitenganisha ni rahisi: wiki ijayo mpe 800 nyingine lakini umshike raundi ya kwanza. Simama kwenye mita 200 na filimbi, mwambie ukipita hapa kabla ya sekunde 31 nakusimamisha tunaanza upya. Apite 400 kwenye 62 kisha mwachie. Kama raundi ya pili inatoka 62 au chini na muda wa jumla unashuka, shida ilikuwa akili ya mwanzo wala siyo mwili. Kama ameanza 62 kwa utulivu na bado raundi ya pili ni 66, basi ni pumzi, na hakuna maelekezo ya uwanjani yatakayomsaidia.

Wilayani yule kijana alipita 58 halafu 68. Sekunde 10 za tofauti! David Rudisha pale London 2012, siku ya 1:40.91, alipita raundi ya kwanza 49.28, ya pili ikawa 51.63, yaani kwenye mbio ya kasi kuliko zote duniani tofauti ni sekunde mbili na kidogo. Kuanza haraka kidogo kwenye 800 ni kawaida. Sekunde mbili, tatu. Kumi ni kujichimbia kaburi.

Na watoto wa huku kwetu kuna kitu kingine, wamesimuliwa Filbert Bayi, jinsi alivyotoka mbele tangu mlio wa bastola pale Christchurch 1974 na hakuna aliyemkamata, 1500 kwa 3:32.16, rekodi ya dunia. Kweli kabisa. Ila wanachosikia ni "alitoka mbele" tu, hawasikii kwamba mtu yule alikuwa na pumzi ya kushikilia ule mwendo.

Nilipomshika kijana kwenye 62 alitoka 62 na 65, akapata 2:07. Kwa hiyo mwendo wa mwanzo ulikuwa mbaya ndiyo, lakini hata alivyougawa vizuri hakupata kitu. Ni pumzi. Nikamuuliza kabla hajawa wangu alikuwa anafanya mazoezi gani, akasema, "Ticha, Jumatatu tulikuwa tunapiga 200 kumi, Jumatano 300 sita, Ijumaa 400 mbili za kufa mtu." Na siku zingine? "Siku zingine tunapumzika maana miguu inauma."

Hapo tatizo unaliona bila miwani. Watu wanaiona 800 kama sprinti ndefu, wakati kwenye 800 karibu theluthi mbili ya nguvu inatoka kwenye hewa unayovuta, na kwenye 1500 ni zaidi ya robo tatu. Ile kazi ya 200 za kufa inafundisha mwili kuvumilia kuungua, na faida yake inapatikana haraka sana, wiki nne tano hivi, halafu inagota. Baada ya hapo unaongeza maumivu tu. Kinachosogeza ukuta wa kukatika kutoka mita 550 kwenda 700 ni moyo na misuli kuzoea kutumia hewa, na hiyo inajengwa taratibu, kwa miezi, na kwa mwendo ambao mtoto anauona wa kijinga.

Wiki yake tuliipanga hivi. Jumatatu dakika 35 taratibu, zikiisha mbio fupi sita za mita 80, za kunyoosha miguu tu, haraka lakini bila kukunja uso, akirudi anatembea. Jumanne kilomita moja mara nne, baadaye mara tano, kila moja kwa 3:45 mpaka 3:50, katikati dakika moja na nusu ya kupumzika. Jumatano dakika 30 taratibu au apumzike kabisa kama kuna mitihani. Alhamisi spidi. Ijumaa hamna kitu. Jumamosi mbio ndefu barabara ya vumbi, tulianza dakika 45 tukafika 60. Jumapili kanisani na kufua.

Swali ambalo kila mtu ananiuliza ni taratibu ndo taratibu gani. Mimi natumia mchakamchaka. Mwendo ambao mtoto anaweza kuitikia wimbo wa mchakamchaka kwa sauti, mstari mzima bila kukatisha, ndo huo. Akishindwa kuitikia amezidisha. Kwa yule kijana ilikuwa kilomita moja kwa dakika tano na nusu hivi, na alichukia, alisema anaonekana kama mzee anayekwenda kliniki, wasichana wa kidato cha kwanza wanampita. Nikamwambia waache wapite mwanangu. Kosa kubwa la watoto ni kwamba siku ya taratibu wanashindana, na kwa sababu wameshindana siku ya spidi wanakuja wamechoka, wanakimbia 200 kwa 33. Kila siku inakuwa ya katikati. Huko katikati huwa hakuna anayepata spidi wala pumzi.

Zile kilomita za Jumanne nazo zina mtego, siyo mashindano. Mwisho wa ya nne awe anahisi angeweza kwenda ya sita. Ukiona ya kwanza ni 3:30 na ya mwisho 4:00, umemwachia, rudi nyuma.

Alhamisi hatukuacha spidi hata wiki moja, hili nalisema maana wengine wakisikia "pumzi" wanafuta spidi miezi mitatu, halafu mtoto akirudi uwanjani msuli wa nyuma ya paja unachanika. Wiki tatu za kwanza ilikuwa 200 nane kwa sekunde 30 hadi 31, ambayo ndo mwendo wa 2:02 tuliokuwa tunautafuta, akitembea dakika mbili katikati. Unaona, siyo za kufa, ni za mwendo wa mbio yenyewe. Wiki ya nne mpaka ya sita 300 tano kwa 46, pumziko dakika tatu. Mbili za mwisho tulifanya 600 moja kwa 1:32, pumziko dakika sita, halafu 200 mbili kali.

Wiki ya nane tukampima, uwanja wa mita 400 za kweli safari hii. Raundi ya kwanza 60, ya pili 62. Ile 2:02 ya uongo sasa ikawa ya kweli. 1500 ikashuka kutoka 4:32 hadi 4:21. Na 400 hatukuigusa, ilibaki 54. Yaani miguu ni ileile.

Dalili ya pili: hachoki, ila hana pa kuchomokea

Hii ni kinyume na ni ngumu kuigundua maana mtoto anaonekana fiti. Kwenye 1500 anakaa na kundi vizuri mpaka kengele inalia, wenzake wanabadilisha gia yeye anabaki na mwendo uleule, anamaliza wa tano halafu dakika moja baadaye anaongea na kucheka. Ukimuuliza mbona hukuongeza anakwambia niliongeza mwalimu. Na ni kweli aliongeza, ila kilichokuwepo cha kuongeza ni kidogo.

Nilikuwa na binti wa hivyo, anatembea na kukimbia kilomita tano kuja shule na tano kurudi, tangu darasa la kwanza. 400 alikuwa 68, 800 ni 2:26, 1500 ni 4:52. Tofauti sekunde 10, ukigawanya unapata 2.0 kamili. Huyu ukimwongezea mbio ndefu unamwaga maji baharini, tayari barabara ya nyumbani kwao imeshamfanyia hiyo kazi.

Alichohitaji ni spidi halisi, na spidi halisi inataka mambo mawili ambayo makocha wa shule tunayaonea uchoyo: mwili usiochoka na mapumziko marefu. Tulitafuta kilima cha wastani nyuma ya bweni, mara sita sekunde 8 tu kwa nguvu zote, anashuka akitembea, anasimama mpaka dakika mbili zipite. Kilima kinazuia asikimbie ovyo na kinapunguza kishindo cha mguu. Hiyo mara mbili kwa wiki, wiki tatu. Halafu tukashuka uwanjani, mita 150 mara nne karibu na mwisho wa spidi yake, pumziko dakika nne mpaka tano. Watu wanapita wanauliza mbona huyu amekaa tu, mazoezi gani haya. Ukikata pumziko liwe dakika moja ile siyo spidi tena, umerudi kwenye kuungua.

Angalia mikono na magoti, siyo saa tu. Ya nne ikitoka polepole zaidi ya ya kwanza kwa zaidi ya nusu sekunde hivi, acha, nyumbani. Na siku za spidi nilimwomba mzazi wake amwache binti apande bodaboda kuja shule, nauli nikatoa mimi, maana kilomita tano asubuhi zilikuwa zinatuibia.

Baada ya wiki sita 400 ilifika 65 na pointi. Tukabadilisha na mbinu: mtu mwenye pumzi nyingi na spidi ya wastani asisubiri mita 100 za mwisho, aanze kupandisha mita 400 kabla ya mwisho, kidogokidogo, ili wale wa spidi wafike kona ya mwisho wakiwa wameshachoka.

Dalili ya tatu: mazoezi yanaongezeka, muda unaharibika

Mtoto alikuwa 2:04 mwezi wa nne, mwezi wa tano ni 2:06, mwezi wa sita 2:08. Mara nyingi hii inatokea kambini. Kambi za kujiandaa zinakuwa asubuhi na jioni, kila mtu anataka kuonekana anafanya kazi, nami nimewahi kuendesha moja ya namna hiyo, siku 14 mfululizo, nikawapeleka mkoani watoto waliochoka kama punda wa sokoni.

Cha kufanya: kila asubuhi kabla hajanyanyuka kitandani ahesabu mapigo ya moyo dakika nzima aandike kwenye daftari. Baada ya wiki unajua namba yake ya kawaida. Ikipanda kwa 8 au 10 na ikakaa huko siku mbili tatu, na usingizi umekatika, na ile 200 ya sekunde 31 iliyokuwa rahisi sasa inamtoa povu, hapo siku tatu au nne taratibu tupu, na kazi kali zisizidi mbili kwa wiki. Wengi wanarudi ndani ya siku 10.

Asiporudi usiendelee kubahatisha na programu, peleka hospitali. Pima malaria, pima na wingi wa damu, hasa kwa wasichana, maana upungufu wa damu unaonekana hivihivi, pumzi fupi na miguu mizito, na kocha anadhani ni uvivu. Vidonge vya kuongeza damu msimpe kwa kukisia, apimwe kwanza. Na binti ambaye hedhi imesimama miezi kadhaa wakati anakimbia sana mara nyingi hali chakula cha kutosha, hilo mwachieni matroni na daktari walizungumze naye, siyo la kutangaza uwanjani.

Ugoko unauma

Kwa kifupi tu. Pitisha kidole kwenye mfupa. Kama maumivu yametanda urefu wa kiganja na yanapungua akipata joto, punguza spaiki, punguza kukimbia kona za upande mmoja (geuzeni uelekeo siku za taratibu), hamia kwenye nyasi wiki mbili. Kama maumivu yapo sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, na yanauma hata usiku amelala, huyo asikimbie hata mita moja mpaka daktari auone huo mfupa.

Wiki ya mashindano

Kazi kali ya mwisho iwe siku tano kabla, fupi: 600 moja kwa mwendo wa mbio, halafu 200 mbili. Baada ya hapo dakika 20 hadi 25 za kuitikia mchakamchaka na zile mita 80 nne. Kama anakimbia zote mbili, uliza ratiba mapema, maana mara nyingi 1500 na mchujo wa 800 vinapangwa siku moja. Ikiwa hivyo, kwenye mchujo apite kwa nafasi tu, asitafute muda, na akimaliza asikae chini, ajogi dakika kumi, anywe uji wenye sukari ndani ya nusu saa. Yule kijana mwaka uliofuata wilayani alipita mchujo wa pili kwa 2:09, jukwaa likanizomea kwamba mtoto wangu ameisha. Nikawa nimeangalia stopwochi yangu tu, raundi ya kwanza 65, ya pili 64.